Kufupisha Bila Kuvunja Heshima

Barua ya Kifaransa kwa ofisi ya serikali, iwe inatoka Bukavu, Bujumbura au Paris, haiishii kwenye ombi. Kati ya ombi na sahihi hukaa sentensi moja nzima ambayo kazi yake ni heshima tu: "Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments respectueux." Mwandishi anamwomba Bwana Mkurugenzi apokee maelezo ya hisia zake za heshima. Wengi huinakili kutoka barua ya zamani bila kuigusa, na kila anayeinakili huongeza neno moja la tahadhari, mpaka hisia zinakuwa "za heshima zaidi kabisa" na ombi lenyewe linafunikwa.

Ninawastahi sana makatibu na wahariri wachache wanaojua kuifupisha sentensi hiyo bila mpokeaji kuona kwamba amepunguziwa chochote. Ufundi wao haumo katika kufuta. Kufuta anaweza kila mtu mwenye kalamu. Umo katika kujua kila neno linabeba nini kabla ya kuliondoa.

Jambo la kwanza wanalolijua ni kwamba kauli hii haikushuka na Kifaransa chenyewe. Katika karne ya 17 barua ya adabu ilimalizika kwa mwandishi kujitaja kuwa mtumishi mnyenyekevu sana na mtiifu sana wa mpokeaji, na maneno hayo yaliungana moja kwa moja na sahihi. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, miaka ya 1790, utumishi huo ulitupwa, na barua za serikali zikafungwa kwa maneno mawili: "Salut et fraternité", salamu na udugu. Baadaye udugu nao ukaondoka, zikashika nafasi hisia za heshima tunazozijua leo. Hata sisi wa Kiswahili tumeyaona mabadiliko ya namna hiyo: Mtanzania aliyefunga barua ya kikazi kwa "Wako katika ujenzi wa taifa" alikuwa akitaja uhusiano tofauti na wa yule aliyeandika "Wako mtiifu". Kwa hiyo anayeibadili kauli ya mwisho hafanyi uasi. Anaendeleza kazi iliyofanywa na waliomtangulia, ila anapaswa kuifanya kwa kujua.

Kujua kunaanzia kwenye viungo vya sentensi. Kauli ya heshima ya Kifaransa ina vitatu. Cha kwanza ni ombi: "je vous prie d'agréer", nakuomba upokee, au "veuillez agréer", tafadhali pokea. La kwanza lina unyenyekevu zaidi, kwa sababu mwandishi anajitaja kuwa ndiye anayeomba, wakati la pili limejengwa kwa kitenzi cha kuamuru, hata kama ni amri ya adabu. Cha pili ni cheo cha mpokeaji, nacho lazima kirudiwe vilevile kilivyoandikwa mwanzoni mwa barua. Aliyeanza kwa "Monsieur le Bourgmestre" hawezi kumaliza kwa "Monsieur" peke yake, kwani atakuwa amemvua mtu cheo chake ndani ya ukurasa mmoja. Cha tatu ni kile kinachotolewa: hisia, taadhima au salamu.

Katika kiungo hiki cha tatu ndimo mitego ilimo. Mafunzo ya zamani ya uandishi wa barua hutofautisha "expression" na "assurance". Mdogo kwa mkubwa wake hutoa "expression", yaani anaeleza tu kilichomo moyoni mwake. Mkubwa kwa mdogo wake, au mtu kwa mwenzake wa cheo kimoja, ndiye anayeweza kutoa "assurance", kumhakikishia. Anayetaka kuwa na heshima kuliko wote akaandika "l'assurance de l'expression de mes sentiments" ameelekeza heshima juu na chini kwa wakati mmoja. Amerefusha, na kwa kurefusha amekosea daraja. Vivyo hivyo "l'expression de mes salutations": hisia huelezwa, lakini salamu hutolewa zenyewe. Ukiwa na salamu, neno "expression" halina kazi. Na desturi ya zamani ilimtaka mwanamume anayemwandikia mwanamke aepuke kabisa neno "sentiments", ili hisia zake zisisomwe kwa maana nyingine. Salamu au taadhima hazina tatizo hilo.

Tuchukue barua ya mfano, iliyoundwa kwa maneno ambayo ofisi za Kongo zimeyazoea. Kamati ya wazazi wa shule moja katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, inataka mtaro wa maji ya mvua unaopita kando ya shule uzibuliwe. Mvua hurudi huko kuanzia Septemba, na mtaro uliojaa taka humwaga maji madarasani. Rasimu ya katibu inasema hivi:

"J'ai l'honneur de venir très respectueusement par la présente auprès de votre haute autorité solliciter de votre bienveillance qu'il vous plaise de bien vouloir procéder au curage du caniveau qui longe notre école. Dans l'attente d'une suite favorable, veuillez agréer, Monsieur, l'assurance de l'expression de mes sentiments les plus respectueux et de ma franche collaboration."

Mhariri stadi haanzi na mwisho. Anaanza kwa kuuliza mkuu wa komini anatakiwa afanye nini, na lini. Katika rasimu, kitendo kiko mbali sana na mwanzo, na tarehe haimo kabisa. Maneno ya kuomba yako matano, yamepangwa moja juu ya jingine: anakuja kwa heshima, anaomba, anaomba wema, anaomba impendeze, anaomba akubali. Moja linatosha. "Par la présente", kwa barua hii, halimwambii msomaji chochote, maana barua anayo mkononi. "Procéder au curage" ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa nomino kisha kikatafutiwa kitenzi kingine cha kukibeba. Isitoshe, mkuu wa komini hatashika koleo mwenyewe. Atatoa agizo, na Kifaransa kina njia fupi ya kusema hivyo: "faire curer".

Kuna maneno ambayo mhariri huyo hayagusi. "J'ai l'honneur de" linabaki, kwa kuwa ndilo linalomjulisha karani kwamba ombi hili ni rasmi. "Bien vouloir" nalo linabaki, tena kwa mpangilio huohuo. Katika desturi ya ofisi za Kifaransa, wa chini humwomba wa juu "de bien vouloir", na wa juu humwambia wa chini "de vouloir bien". Maneno ni yaleyale mawili, lakini ukiyageuza, ombi linakaribia kuwa agizo. Anayefupisha bila kulijua hili anaweza kuandika sentensi fupi nzuri inayomwamrisha mkuu wake.

Mwisho wa rasimu una kosa ambalo wengi hawalioni kwa sababu wamelisoma mara nyingi mno. "Dans l'attente d'une suite favorable, veuillez agréer": nani anayesubiri? Kamati ndiyo inayosubiri, lakini kisarufi kitenzi kinachofuata ni cha mpokeaji, kwa hiyo sentensi inamfanya mkuu wa komini asubiri jibu lake mwenyewe. Dawa ni kuandika "je vous prie" baada ya koma, au kuondoa kusubiri kote, maana kila anayeandika ombi anasubiri jibu. Cheo kilichopotea kinarudishwa. "Franche collaboration", ushirikiano wa dhati, ni neno la wenzi wa kazi, na wazazi wanaoomba mtaro uzibuliwe hawako katika nafasi hiyo. Barua inabaki hivi:

"J'ai l'honneur de vous demander de bien vouloir faire curer, avant la rentrée de septembre, le caniveau qui longe notre école. Je vous prie d'agréer, Monsieur le Bourgmestre, mes salutations respectueuses."

Imebaki zaidi kidogo ya nusu ya ilivyokuwa, na bado imesimama wima mbele ya mwenye cheo. Heshima imekaa mahali pake: katika "honneur", katika mpangilio wa "bien vouloir", katika cheo kilichorudiwa, katika neno la mwisho. Kilichoongezeka ni kitu kimoja ambacho rasimu ndefu haikuwa nacho, tarehe. Mkuu wa komini sasa anajua ni kabla ya lini, na kumrahisishia mtu kazi yake ni heshima ambayo hata yeye ataihisi.

Mwenye kushika daraja kwa ukali anaweza kusema kwamba salamu, hata zikiwa za heshima, hazitoshi kwa mkubwa. Kwake mhariri huandika "l'expression de mon profond respect", na sentensi bado ni fupi. Lakini "Cordialement", ambalo barua pepe zimelieneza, halifai hapa. Ni neno la watu wanaosimama usawa mmoja, na wazazi wanaomwomba kiongozi wa komini hawajaalikwa kwenye usawa huo. Kulitumia si kuifanya barua ya kisasa. Ni kubadili uhusiano bila ruhusa ya upande wa pili.

Pia kuna mahali ambapo mhariri mwema huweka kalamu chini. Ubalozi unapoiandikia wizara, humaliza kwa kurudia uhakikisho wa taadhima yake ya juu. Kauli hiyo imekubaliwa kati ya mataifa, na ikikosekana, wizara itaanza kujiuliza kuna ugomvi gani. Huko urefu wenyewe ni ujumbe, basi uachwe.

Kwa barua za raia hali ni nyingine, na Ufaransa yenyewe imelikubali hilo. Tangu mwaka 1539, amri ya Villers-Cotterêts ya Mfalme François wa Kwanza ilidai, katika kifungu chake cha 110, kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa uwazi usioacha utata. Julai 2001 serikali ya huko iliunda kamati ya kurahisisha lugha ya ofisi, ikijulikana kwa kifupi kama COSLA. Kati ya tarehe hizo mbili kuna zaidi ya karne nne na nusu, ishara kwamba amri peke yake haitoshi. Anahitajika mtu wa kukaa na kila sentensi.

Mtu huyo ndiye ninayemsifu, kwa sababu najua nani hulipia sentensi ndefu. Mama anayezungumza vizuri, anayejua hasa mtaro uko wapi na maji yalifika darasa gani, huona kauli ya "sentiments les plus respectueux" akaamua kwamba hawezi kuandika, akatafuta mtu wa kumwandikia na kumlipa. Mwandishi wa kulipwa hajui mtaro. Anajua kauli, basi huujaza ukurasa kwa anachokijua. Ikiwa mama huyo ataonyeshwa viungo vitatu, cheo kikiwa kilekile mwanzo na mwisho na "bien vouloir" likiwa mahali pake, ataandika mwenyewe, na ofisi itapata kutoka kwake habari ambazo mwandishi wa kulipwa asingeweza kuzitoa.