Picha ya Waifai Iliyoiponza Barua ya Litein

Barua ya Litein kwa Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu intaneti ya polepole, ambayo wengi wenu mmeisoma kwenye makundi ya WhatsApp ya Kericho na Bomet, ilistahili kushinda. Sioni ikishinda, na kilichoiponza zaidi ni kiambatisho kimoja.

Mwandishi wa barua analipia megabiti 20 kwa sekunde. Alimlalamikia mtoa huduma mara kadhaa, akahifadhi namba na tarehe ya kila lalamiko, na alipopuuzwa ndipo akalipeleka kwa Mamlaka, kama utaratibu unavyotaka. Kazi safi.

Kisha akaambatisha picha ya skrini ya simu: megabiti 3.8, na alama ya waifai imekaa pale juu. Picha moja, saa mbili usiku, bila kueleza ruta iko chumba gani wala nani mwingine alikuwa akitumia intaneti. Kwa nini hakuchomeka waya? Kipimo cha waifai hupima mambo mawili kwa pamoja: laini ya kampuni na hali ya ndani ya nyumba yako. Ukuta wa mawe, ruta za majirani zinazogombea masafa yaleyale, simu iliyochakaa, televisheni inayovuta video sebuleni: lolote kati ya hayo laweza kuishusha 20 hadi 3.8 laini ikiwa nzima kabisa. Ni sawa na kupeleka kituoni majani chai yaliyoshinda juani, kisha kubishana na karani juu ya uzani. Kampuni itajibu kwamba tatizo ni la nyumbani, na Mamlaka haitakuwa na kitu mkononi cha kupinga jibu hilo.

Wazee waliokuwa wakililalamikia Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999, hawakuwa na programu ya kupima chochote. Ila barua zao nilizozisoma zilitaja siku simu ilipokatika, saa ngapi, na fundi aliahidi kuja lini. Hazikuacha mwanya.

Ilipasa kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, waifai izimwe, seva ya kipimo iwe ileile, alfajiri, mchana na usiku, wiki nzima. Hapo ndipo ugonjwa unapojulikana. Alfajiri ukipata 19 na usiku 4, kifurushi kimewekwa sawasawa. Dalili ni kwamba kampuni imeuza kupita uwezo wa laini inayowabeba wateja wote wa eneo. Ikiwa ni 4 saa zote, shuku kifurushi kilichoingizwa vibaya, au faiba iliyopindwa. Kwa mwenye faiba, ukurasa wa ruta huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Ikiwa chini ya -27 dBm, yaani -28 au -29, kuna hitilafu kwenye faiba inayoingia, wala si waifai.

Na ombi lenyewe? "Hatua kali zichukuliwe." Nimelipigia kelele hili miaka na miaka. Angeomba arudishiwe sehemu ya ada ya miezi aliyolalamika, na kampuni ipewe tarehe ya kurekebisha laini, kipimo cha waya kirudiwe mbele ya fundi wao.