Baba ni Nani? Juu ya Namna Tunavyochambua Majina ya Jamaa

Katika vitabu kama hiki tumezoea kuandika majina ya jamaa kama orodha: upande mumoja neno la kwetu, upande wa pili Kifaransa. Orodha ile inasaidia kidogo tu. Tuchukue mufano mumoja ambao kila mutu wa Kambove anaujua, hata kama haukutokea nyumbani mwake. Baba wa watoto amekufa, watu wako kwenye matanga, na mudogo wa marehemu anasimama: «Batoto hawa ni bangu, miye njo baba yabo. Munipe funguo za nyumba.» Mutoto mukubwa anajibu: «Uko baba mudogo. Baba mwenye alituzala, njo ule tunalia.» Nani anasema kweli? Jibu letu: wote wawili. Na kwa kuelewa kwa nini, inafaa kupima njia mbili ambazo wataalamu wametumia.

Njia ya kwanza ni kugawanya maana ya neno katika alama ndogo ndogo. Ilijulikana sana mwaka 1956, wakati Waamerika wawili, Ward Goodenough na Floyd Lounsbury, walipoandika juu yake katika gazeti moja la lugha. Goodenough alitumia majina ya jamaa ya watu wa visiwa vya Truk, Lounsbury yale ya Wapawnee, wenyeji wa Amerika. Kazi yake ni hii: kwa kila jina, andika watu wote wanaoitwa hivyo, kisha tafuta maulizo machache yanayotosha kutenganisha jina moja na lingine.

Tujaribu hapa kwetu, kwa wazazi na ndugu za wazazi. Kuna majina mane: baba, mama, mujomba, shangazi. Maulizo mawili yanatosha. La kwanza: mutu huyu ni mwanaume ao mwanamuke? La pili: jinsia yake ni sawa na ya muzazi anayetuunganisha naye? Mudogo wa baba ni mwanaume, na baba ni mwanaume: ni sawa, basi naye ni baba. Mukubwa wa mama ni sawa na mama, basi ni mama. Lakini ndugu mwanaume wa mama si sawa na mama, basi ni mujomba. Na dada ya baba, kwa njia hiyo hiyo, ni shangazi. «Mukubwa» na «mudogo» zinaongeza ulizo la tatu, la kuzaliwa mbele ao nyuma ya muzazi.

Uzuri wa njia hii hatuwezi kuukataa. Inaonyesha kwamba kumwita baba mudogo «baba» si uvivu wa lugha wala heshima tupu, ni kanuni. Na kanuni inashuka kwa watoto: mutoto wa baba mudogo ni ndugu yako, ni yaya ao mudogo, lakini mutoto wa mujomba ao wa shangazi, Wabemba wanamwita mufyala, na huyo ni mutu mwingine kabisa. Tena njia hii inaonyesha mara moja kitu tunachopoteza. Vijana wetu wa Likasi wanasema «tantini» kwa dada ya mama na kwa dada ya baba, na «tonto» kwa baba mudogo na kwa mujomba. Jinsia ya mutu imebaki. Ulizo la pili limekufa. Ni Kifaransa kimeingia na hesabu yake.

Sasa tuone pale inaposhindwa. Yale majina mane tunaweza kuyatenganisha namna ingine: mutu huyu ni mwanaume ao mwanamuke, na anatoka upande wa baba ao wa mama? Baba: mwanaume, upande wa baba. Shangazi: mwanamuke, upande wa baba. Mujomba: mwanaume, upande wa mama. Mama: mwanamuke, upande wa mama. Inaenda sawasawa tu! Meza mbili, matokeo yaleyale. Ni ipi iliyo ndani ya akili ya musemaji? Robbins Burling aliuliza ulizo hili mwaka 1964, na meza yenyewe haina jibu. Jibu linatoka nje. Waluba wa Kasai wanamwita shangazi «tatu mukaji», ndiyo kusema baba mwanamuke. Jina hilo linasimama upande wa meza ya pili: linaanza na baba, kisha linageuza jinsia. Lakini linasema pia kitu ambacho hakuna meza inayokisema: kwamba baba ndiye wa kwanza, na wengine wanapimwa kwake.

Hapo ndipo njia ya pili inaingia. Katika miaka ya 1970 Eleanor Rosch alionyesha kwamba neno lina kiini, mufano ulio bora kuliko mingine. Ukisema «ndege», watu wanaona njiwa mbele ya kuona bata. George Lakoff mwaka 1987 aliipeleka njia hiyo kwenye neno «mama», akaonyesha kwamba ndani yake kuna mambo mengi yanayofungwa pamoja: kuzala, kulea, kuolewa na baba, na kadhalika. Tunaweza kupima kwa neno «lakini». Sema: «Ni baba yangu, lakini hakunizala.» Watu wanasikia vizuri. Sasa sema: «Ni baba yangu, lakini alinizala.» Watakucheka. Kwa meza, baba mwenye kuzala na baba mudogo wamekaa katika kiti kimoja. Kwa masikio yetu, mumoja ni kiini na mwingine yuko kandokando.

Je, basi tutupe meza? Hapana. Njia ya kiini inalegea pale penye mupaka. Kijana akitaka kuoa binti ya baba yake mudogo, wazee hawamuambii kwamba yule ni «ndugu kidogo». Wanasema ni dada yake, mambo yameisha. Kumbe kwa mufyala, Wabemba wa zamani walikubali ndoa. Na siku ya mahari, mutu ni mujomba ao si mujomba. Pale mila inahesabu kwa ndiyo na hapana.

Turudi kwenye matanga. Mudogo wa marehemu anasema kweli kufuatana na meza: ni baba, na jina lile linamupa kazi ya kulea, ya kulipa masomo, ya kuketi mbele siku ya kuoza binti. Mutoto anasema kweli kufuatana na kiini. Kosa ni kutoka kwenye jina na kuruka mupaka kwenye funguo. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina meza yake yenyewe, na si ile ya lugha yetu: watoto wa marehemu ni warizi wa kwanza, wanapata robo tatu ya mali, ndugu za marehemu wako katika kundi la pili, pamoja na mujane na wazazi. Katika meza ile, «baba» ni mwenye kuzala ao aliyemufanya mutoto kuwa wake kwa sheria, basi.

Kwa hiyo tunawaomba wenye kuandika orodha za majina ya jamaa waongeze mistari miwili kwa kila neno: nani anayeonekana wa kwanza tunaposema jina lile peke yake, na jina linamupa kila mumoja kazi gani. Meza itatuambia nani yuko ndani ya nyumba. Haitatuambia nani ana funguo.