Sehemu ya Padé: namna ya kuijua nzuri

Mtu akikuletea sehemu hii na kukuambia kuwa ni ucheleweshaji wa sekunde 5, usimkubalie wala usimkatalie:

(1 − 2.5s) / (1 + 2.5s)

Muulize kwanza kitanzi chake kina haraka kiasi gani. Asipojua, hana cha kukuuzia, hata kama hesabu imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza.

Tuchukue kipasha maji. Maji yanapata moto, yanaingia kwenye bomba la mita 3, na mwisho wa bomba ndipo kilipofungwa kihisi joto. Yakienda mita 0.6 kwa sekunde, kihisi kinasoma habari za sekunde 5 zilizopita. Habari yenyewe haijapungua wala kuongezeka. Imefika na umbo lake lote, ila imechelewa. Huo ndio ucheleweshaji mtupu. Katika hesabu za udhibiti unaandikwa e^(−sT), na hapa T ni sekunde 5.

Hasara yake iko kwenye awamu. (Siyo fezi za fundi umeme, ingawa ni ukoo mmoja.) Joto la maji likipanda na kushuka kama wimbi linalomaliza mzunguko kwa sekunde 100, kuchelewa sekunde 5 ni kubaki nyuma sehemu moja ya ishirini ya mzunguko, yaani nyuzi 18. Wimbi likiwa la sekunde 20, sekunde zile zile 5 ni robo ya mzunguko: nyuzi 90. Ucheleweshaji haukubadilika, wimbi ndilo lililoongeza haraka. Wanaofanya kazi hii hupima kwa zao la ωT, ambapo ω ni kasi ya wimbi kwa radiani kwa sekunde. Hasara ya awamu ni ωT radiani, au nyuzi 57.3 mara ωT, na ukubwa wa wimbi hauguswi kabisa.

Tatizo ni kwamba e^(−sT) si polinomia wala si sehemu ya polinomia mbili, na zana nyingi za udhibiti hazili chakula kingine. Jaribio la Routh, kwa mfano, linataka polinomia yenye mwisho, ilhali ucheleweshaji huleta mizizi isiyo na idadi. Hapo ndipo anapoitwa Henri Padé, Mfaransa aliyetoa tasnifu yake mwaka 1892 juu ya kukaribia vitendakazi kwa sehemu za polinomia. Sehemu yake ya daraja la kwanza kwa ucheleweshaji ni (1 − sT/2)/(1 + sT/2). Ya daraja la pili inaongeza s²T²/12 kwenye kiasi na kwenye asili.

Kitu cha kwanza ninachokitazama ni kama kiasi na asili ni pacha waliotofautiana kwa alama tu. Wakiwa hivyo, ukubwa wa wimbi unabaki 1 kwa kila kasi, kama ulivyo katika bomba lenyewe. Wapo wanaoleta 1/(1 + sT) na kuiita ucheleweshaji. Hiyo inameza wimbi: pale ωT inapofika 1, wimbi limebaki asilimia 71 tu ya ukubwa wake, na awamu iliyopotea ni nyuzi 45 badala ya 57.3. Makosa mawili, na yote mawili yanaupamba mfumo. Mimi huirudisha hapo hapo.

Kitu cha pili ndicho kinachowatisha wanaoanza, nacho hakistahili hofu yote hiyo. Ukiipa sehemu ya daraja la kwanza badiliko la ghafla kutoka 0 hadi 1, jibu linaanza na −1, linapanda, linavuka sifuri baada ya takriban thuluthi ya T, kisha linaelekea 1. Bomba halifanyi hivyo. Bomba linakaa kimya sekunde 5, kisha linaleta joto. Kuna watu huiona picha hii wakatupa sehemu nzima, na wengine hukaa usiku kucha wakitafuta kwa nini maji yao “yanapoa kwanza” kwenye kompyuta. Hayapoi. Ni alama ya kutoa iliyoko kwenye kiasi inayoonekana. Kwa hiyo picha ya badiliko la ghafla si mahali pa kuhukumia sehemu ya Padé. Hukumu iko kwenye awamu, tena kwenye kasi moja tu, ile ambayo wimbi likizunguka kitanzi chote linarudi na ukubwa ule ule lililotoka nao. Tuiite kasi ya kuvuka.

Turudi kwenye kipasha maji, maana mfano huu una uzuri wa kuhesabika mpaka mwisho. Tuseme kipasha chenyewe kina kizidisho cha 1 na muda wa kuitikia wa sekunde 20, na kidhibiti ni cha PI ambacho muda wake wa kukusanya nao umewekwa sekunde 20. Viwili hivyo vinafutana, na kinachobaki kwenye kitanzi ni k·e^(−sT)/s, ambapo k ni kizidisho cha kidhibiti, tukiite Kc, kikigawanywa kwa 20. Mkusanyo, yaani ile 1/s, unakula nyuzi 90 siku zote. Kitanzi kinaanza kuyumba hasara ikifika nyuzi 180, kwa hiyo tuna akiba ya nyuzi 90, na ucheleweshaji unakula humo. Kasi ya kuvuka ni k yenyewe. Ucheleweshaji unamaliza akiba yote pale kT inapofika 1.571, yaani nusu ya π, na Kc ikiwa 6.28. Hapo maji yanayumba kwa mzunguko wa sekunde 20, mara nne ya ucheleweshaji.

Sasa ipe kazi hiyo sehemu ya daraja la kwanza. Inakwambia kitanzi kiko salama mpaka kT ifike 2, yaani Kc ya 8. Imezidisha mpaka kwa asilimia 27. Mtu aliyeiamini akaweka Kc ya 7 ataona kwenye kompyuta kitanzi kinachotikisika kisha kutulia, na kwenye bomba ataona joto likipanda na kushuka kwa upana unaokua, mpaka vali ya kipasha igonge mwisho wake. Ukiwa na maktaba ya Python iitwayo control, unaweza kujionea:

```
import control
num, den = control.pade(5, 1)
L = control.tf([0.35], [1, 0]) * control.tf(num, den)
print(control.feedback(L, 1).poles())
```

Ile 0.35 ni 7 gawanya kwa 20. Kwa daraja la 1, mizizi inatoka na sehemu halisi ya −0.025: salama. Badilisha 1 iwe 2 kwenye mstari wa pili, na mizizi miwili inahamia upande wa chanya. Hakuna kingine kilichobadilika.

Daraja la pili linaweka mpaka kwenye kT = √21 − 3, yaani 1.583. Kosa ni chini ya asilimia moja. Kwa kitanzi hiki ningeishia hapo.

Lakini usiondoke ukidhani daraja la kwanza ni bovu. Weka Kc ya 2, ili kT iwe 0.5. Akiba ya kweli ni nyuzi 61.4, na daraja la kwanza linasema 61.9. Nusu nyuzi! Hakuna kipimo cha karakana kitakachoiona tofauti hiyo. Panda hadi Kc ya 4: kweli ni 32.7, nalo linasema 36.9. Panda hadi 6: kweli ni nyuzi 4, mfumo uko ukingoni kabisa, nalo linakutuliza kwa nyuzi 16. Sehemu ni ile ile. Kosa la awamu la daraja la kwanza ni takriban (ωT)³/12 radiani, kwa hiyo ωT ikiwa mara mbili, kosa linakaribia kuwa mara nane. Ndiyo maana nasema muulize mtu haraka ya kitanzi kabla hujaipima sehemu yake. Mimi hukubali daraja la kwanza pale ωT kwenye kasi ya kuvuka isipozidi 0.5. Kati ya hapo na 1.5 nataka la pili. Angalia pia upande ambao kosa linaangukia: mifano yote hapa juu inaonyesha akiba kubwa kuliko iliyopo, kwa hiyo kosa la sehemu halikukingi na chochote.

Je, tupande zaidi, daraja la 5, la 12? Kwa karatasi, awamu inazidi kuwa sahihi. Kwa kompyuta, mizizi ya asili inaanza kusongamana na koefisienti zinatofautiana mno kwa ukubwa, hivyo tarakimu za mwisho zikikatwa mizizi inahama. Sehemu yenye daraja zaidi ya 10 nikiiona kwenye ripoti, najua aliyeiandika alikuwa anakimbia swali jingine. Tena kama unachohitaji ni mchoro wa Nyquist au wa Bode tu, huhitaji Padé hata kidogo: toa nyuzi 57.3·ωT kwenye awamu, umemaliza, na bila kosa. Ukiwa unaiga mfumo hatua kwa hatua, hifadhi vipimo kwenye foleni na uvitoe vya sekunde 5 zilizopita. Sehemu ni ya pale ambapo mbinu yako inadai polinomia, kama Routh au kutafuta mizizi.

Baada ya hayo yote naigusa T yenyewe, na hapa ndipo ninapowakamata wengi. Kidhibiti cha kompyuta kinachosoma kila baada ya sekunde 2 na kushikilia amri yake katikati kinaongeza ucheleweshaji wa takriban nusu ya muda huo, sekunde 1. T imekuwa 6, na Kc ya mwisho imeshuka kutoka 6.28 hadi 5.24. Kisha saa ya matumizi madogo maji yanapungua kasi hadi mita 0.4 kwa sekunde. Mita 3 zile zile sasa ni sekunde 7.5, bado hujaongeza ile ya kompyuta, na hata tukiacha mengine yote kama yalivyo, mpaka uko kwenye Kc ya 4.19. Aliyeweka Kc ya 5 mchana, akaona nyuzi 18 za akiba kwa T ya 5, usiku ana kitanzi kinachoyumba, na sehemu yake ya daraja la pili ilikuwa sahihi kwa asilimia moja ya namba isiyo sahihi.

Kwa hiyo nikiwa kwenye mtambo, nasubiri maji yawe kidogo kuliko siku zote, naifungua vali ya kipasha kwa ghafla kiasi kidogo, naanzisha saa, na sijali sekunde zilizoandikwa kwenye mchoro wa mbunifu mpaka sindano ya joto itikisike.