Anwani imetoka kwa nani?

Kijana mmoja wa hapa Nguba, Bukavu, alinijia jioni, kompyuta ya mkononi imebanwa kwapani. "Papa, mashine yangu ya ndani haioni kitu," akasema. Ndani ya Windows alikuwa na VirtualBox, na ndani ya VirtualBox mashine pepe ya Debian aliyoiweka ajifunze kuendesha tovuti. Mtandao ulitoka kwenye simu yake, kwa mega alizonunua asubuhi. Windows ilifungua kila ukurasa. Debian haikufungua hata mmoja, na ilishindwa hata kuifikia Windows inayoibeba.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote niliandika amri moja ndani ya Debian:

```
ip -4 addr
```

Ilitajwa `lo` peke yake, yenye 127.0.0.1, yaani mashine kujisemesha yenyewe. Kadi ya mtandao, `enp0s3`, haikuonekana kwenye orodha kwa sababu haikuwa na anwani. Hapo hakuna haja ya kuhangaika na ukuta wa moto wala majina ya tovuti. Mashine haijapewa anwani, na swali ni nani alipaswa kuitoa.

Kwenye mipangilio ya VirtualBox, ambayo kwake ilikuwa kwa Kifaransa, alikuwa amechagua "Accès par pont". Hilo ni daraja. Kwa daraja, mashine pepe inasimama mtandaoni kama kompyuta kamili kando ya mwenyeji wake: ina namba yake ya kadi, ambayo kwa kawaida huanza na 08:00:27, na inaiomba ruta anwani kama mgeni mwingine yeyote aliyeingia nyumbani. VirtualBox haitoi anwani yoyote. Ruta ikinyamaza, mashine inakaa bila kitu.

Ruta ya kijana huyu ilikuwa simu, na kati ya simu na kompyuta hakuna waya. Hapo ndipo daraja linapokwama. Kifaa cha redio kinapotuma ujumbe kwenda kituo chake, bahasha ina nafasi tatu za anwani: kituo kinachopokea, kifaa kinachotuma, na mlengwa wa mwisho. Hakuna nafasi ya kumtaja mtu wa nne aliyejificha nyuma ya mtumaji. Simu ilimsajili mteja mmoja, yaani kadi ya redio ya kompyuta, na namba ya 08:00:27 haiitambui. VirtualBox hujaribu kuzunguka tatizo: hufuta namba ya mashine pepe kwenye bahasha na kuandika ya mwenyeji, kisha majibu yakirudi huyagawa kwa kuangalia anwani ya IP. Lakini anayeomba anwani kwa mara ya kwanza bado hana IP ya kumtambulisha, na ndani ya ombi lake namba yake halisi imebaki vilevile. Jibu likielekezwa kwa namba hiyo, linapotea hewani. Vituo vingine hukubali hila hii. Simu yake haikukubali.

Nikazima mashine, nikachagua NAT, nikawasha. Sekunde chache baadaye `ip -4 addr` ikaonyesha 10.0.2.15, na Debian ikaanza kupakua vifurushi vyake.

Wengi huifurahia 10.0.2.15 bila kujua imetoka wapi. Simu haikuitoa. Imetolewa na VirtualBox yenyewe, ambayo kwa NAT hujifanya ruta ndogo ya mteja mmoja: mlango ni 10.0.2.2, na mteja huyo hupewa 15. Utakutana na namba hizohizo kwenye QEMU, kwa kuwa zote mbili zilirithi kazi ya programu iitwayo Slirp, iliyoandikwa na Danny Gasparovski mwaka 1995 ili watu wenye modemu za simu waingie intaneti bila kuwa na anwani yao wenyewe. Si mbali sana na hali ya mtu anayeishi kwa mega za simu. Kila kinachotoka Debian hutumwa tena kana kwamba ni Windows inayoomba, na simu inaona mteja yuleyule mmoja iliyemsajili. Kwa hiyo kuwa na 10.0.2.15 hakuthibitishi kwamba intaneti ipo. Hata ukizima simu, utaipata.

Furaha ikadumu dakika tano. Aliandika `http://10.0.2.15` kwenye kivinjari cha Windows, ukurasa ukazunguka hadi ukachoka. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Nyumba ya NAT ina mlango wa kutokea tu, na Windows haina njia ya kwenda 10.0.2.15. Kinachohitajika ni kutoboa tundu moja, mashine ikiwa imezimwa:

```
VBoxManage modifyvm "debian" --natpf1 "tovuti,tcp,127.0.0.1,8080,,80"
```

Maana yake: kinachofika mlango 8080 wa Windows kipelekwe mlango 80 wa Debian. Akafungua `http://127.0.0.1:8080` na tovuti ikatokea. Ikigoma hapa, andika `ss -ltn` ndani ya Debian. Ukiona seva inasikiliza 127.0.0.1:80 badala ya 0.0.0.0:80 au *:80, imejifungia ndani, na tundu halitaisaidia. Upande wa pili, Debian ikitaka huduma iliyo kwenye Windows, huiita 10.0.2.2, ingawa matoleo ya karibuni yana mpangilio wa kuruhusu au kuzuia njia hiyo, basi uangalie.

Kesho yake tuliipeleka kompyuta ileile kwenye ofisi yenye ruta na waya. Tukarudisha daraja, tukahakikisha limefungwa kwenye kadi ya waya na si ya redio, kosa ambalo ni rahisi kulifanya kwa kuwa orodha huweka majina marefu yanayofanana. Debian ikapata 192.168.1.37 papo hapo, na simu za wenzetu zikaifungua tovuti moja kwa moja. Waya hauna masharti ya redio.

Ila Debian ilipopiga `ping` kwa Windows, kimya. Kijana alitaka kurudi NAT. Nikamwambia aandike `ip neigh` kwanza. Namba ya kadi ya Windows ilikuwepo, na kando yake neno REACHABLE. Basi Windows imeitika ilipoulizwa namba yake, njia ni nzima, na anayekataa ping ni ukuta wake wa moto, uliouchukulia mtandao ule kuwa "Réseau public". Kanuni moja ya kuruhusu ping ikamaliza ubishi. Kama badala ya REACHABLE ungeona FAILED, hapo daraja lenyewe ndilo bovu.

Umeme ukakatika tukiwa bado pale, jambo lisilomshangaza mtu wa Bukavu. Kompyuta ikaendelea kwa betri, ruta ikazima, na pamoja nayo 192.168.1.37 ikaacha kufunguka hata kutoka Windows iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo: kadi ya waya ilipopoteza ruta, Windows ilipoteza anwani yake, na daraja likabaki halina ukingo wa pili. Kwa NAT na lile tundu la 127.0.0.1, tungeendelea kufanya kazi gizani, maana njia hiyo haitoki nje ya kompyuta kamwe.

Kijana ameacha kadi ya kwanza ya mashine pepe kwenye NAT. Daraja amelihamishia kadi ya pili, na anaichomeka siku akiwa na waya na watu wa kumwonyesha.