Lakabu Isiyo na Ndugu

Mnamo Januari 2011 mtu aliyejiita "altoid" aliandika mtandaoni akiitaja Silk Road, soko la siri la dawa za kulevya lililokuwa limeanza kufanya kazi. Miezi tisa baadaye altoid huyohuyo alitangaza kwamba anatafuta mtaalamu wa kompyuta, na akaacha anwani ya baruapepe yenye jina lake kamili: Ross Ulbricht. Mwaka 2013 mpelelezi wa mamlaka ya kodi ya Marekani alitafuta kwenye Google maandishi ya kwanza kabisa yaliyolitaja soko hilo, akamkuta altoid, kisha akafuata lakabu hiyo hadi kwenye anwani. Ulbricht alikuwa amejificha nyuma ya mtandao wa Tor na aliendesha soko kwa jina jingine kabisa. Jina la zamani alilolirudia ndilo lililomuunganisha.

Ulbricht alikuwa mhalifu, lakini njia iliyomfichua haichagui. Inamfikia vilevile mama anayetafuta ushauri kwa sababu mumewe anampiga, au kijana aliyepokea majibu ya VVU jana na hataki shemeji yake ajue. Hao ndio wanaohitaji lakabu nzuri kuliko wote.

Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walionyesha kwamba jina la mtumiaji peke yake mara nyingi hutosha kuunganisha akaunti mbili. Kinachoamua ni uadimu wake. Jina kama "juma" hutumiwa na watu wengi, hivyo halimtaji yeyote. "neema_mwz88" likionekana mahali pawili, karibu hakika ni mtu mmoja, na tayari limekwisha kusema kwamba huenda anaitwa Neema, ni wa Mwanza na alizaliwa 1988. Kuligeuza kidogo liwe "nimah.mwz" hakusaidii sana, kwa kuwa watafiti hao walipima pia majina yanayofanana bila kulingana kabisa.

Basi tuseme Neema huyo wa kubuni anataka jina jipya. Akikaa na kufikiri, kichwa kitamletea mwanawe, timu yake, mtaa wake au kifungu cha Biblia anachokipenda. Kwa hiyo kazi ya kuchagua aachie dado. Aandike orodha ya vitu 36 ambavyo nyumba yoyote inavyo: kijiko, ngazi, bahasha, ndoo, kufuli na kadhalika, kisha avipange katika safu 6 zenye vitu 6 kila moja. Dado la kwanza lichague safu, la pili lichague kitu. Arushe mara mbili hivyo, aunganishe maneno mawili yanayopatikana. Kuna michanganyiko 1,296, na dado halimjui. Akipata "ngazibahasha", asiipambe kwa mwaka wa kuzaliwa. Mahali pakidai tarakimu, dado litoe na hizo pia.

Kabla ya kulitumia, alitafute jina hilo mtandaoni kwa dirisha la faragha, akiwa ametoka kwenye akaunti zake. Akisahau, jina la siri litabaki kwenye historia ya utafutaji ya simu ambayo pengine mumewe huishika. Likitokea kwamba mtu mwingine analo, arushe upya.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokamatwa, kwa sababu chini ya jina kuna baruapepe. Tovuti nyingi huchota picha ya mtumiaji kutoka huduma ya Gravatar, nayo humtambua mtu kwa msimbo unaokokotolewa kutokana na anwani yake. Kwa miaka mingi msimbo huo ulikuwa wa MD5, na ulionekana wazi ndani ya anwani ya picha. Mtu anayeshuku anwani fulani anaweza kuukokotoa mwenyewe na kulinganisha:

```
printf '%s' "neema@example.com" | md5sum
```

Herufi na tarakimu 32 zikilingana, lakabu imevuliwa nguo. Dalili ya wazi zaidi ni picha ya zamani ya Neema kujitokeza yenyewe kwenye akaunti mpya. Dawa ni anwani mpya iliyofunguliwa kwa kazi hii tu, isiyo na jina lake, na isiyotumia anwani ya zamani kurejeshea nenosiri. Namba ya simu asiiweke pakiwezekana: huduma nyingi husoma kitabu cha anwani cha simu za watu na kuwapendekezea "watu unaowafahamu", na shemeji yake huenda anayo namba hiyo.

Lakabu ya namna hii inazuia ndugu, jirani na mwajiri wenye shauku ya kuchungulia. Haizuii amri ya mahakama, wala haifichi kisa chenyewe. Neema akieleza kwamba ni muuguzi, ana mapacha, na mumewe alihamishiwa Tabora mwezi uliopita, wanaomfahamu hawatahitaji jina. Abadili idadi ya watoto, ataje "kazini" badala ya wodi, aache tarehe. Na ikitokea uhusiano umeonekana, asihariri jina tu, kwani huenda nakala za zamani zimekwisha kuhifadhiwa kwingine. Afute akaunti na kurusha dado upya, kwa baruapepe nyingine, bila kuwaaga wenzake wa zamani kwa jina jipya.