Mkono wa sambaza: nani alisema ni ukarimu?

Wandugu, katika kazi za kumaliza lisansi tunazopitishiana, sentensi ya namna hii haikosekani: «Mama wauza sambaza wa Minova wanawaongezea wateja kwa ukarimu.» Mwandishi anaiweka kwenye maelezo, kama vile ameiona. Lakini ukarimu hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mkono.

Tuseme ulikuwa pale sokoni. Daftari lingesema hivi: saa 2 na dakika 10 asubuhi, mama amejaza kopo, amemimina ndani ya kifuko. Mteja hajatoa franga. Anashika kifuko wazi, anasema: «Mama, uniongezee.» Mama anacheka, anachota sambaza kwa vidole vitatu, anazitupia juu. Ndipo mteja analipa. Mteja wa pili analipa bila neno, haongezewi kitu.

Hayo yakae upande wa kushoto wa ukurasa. Upande wa kulia andika unachodhania: labda ni zawadi, labda ni njia ya kumshika mteja arudi kesho, labda kopo limebonyezwa chini na vile vidole vitatu vinalipa tu kilichopungua. Ule mteja wa pili njo anasumbua neno «ukarimu». Ukiisha kuliandika mapema, yeye hutamuona hata.

Clifford Geertz, mwaka 1973, alichukua kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle wazo la maelezo mazito. Mfano wao ni jicho: kope inayocheza yenyewe na jicho linalokonyeza ni mwendo mmoja, maana mbili. Wengi wetu tunasoma «mazito» tunaelewa «marefu», tunajaza kurasa za rangi ya ziwa na kelele za mitumbwi. Uzito ni kujua ni kukonyeza gani, na kwa ushahidi gani. Kwa sambaza, hiyo ni kuangalia kitako cha kopo, kuona nani anakataliwa nyongeza, kisha kumuuliza mama peke yake, soko likitulia, na kuandika neno lake lenyewe, kwa Kihavu kama alisema Kihavu.

Geertz mwenyewe hakupona. Insha yake ya 1972 juu ya mapigano ya majogoo huko Bali inaanza vizuri: polisi wanavamia, watu wanakimbia, yeye na mke wake wanajificha uani kwa mtu. Tunajua nani alikimbilia wapi. Mbele zaidi tunaambiwa «Wabali» wanahisi nini, na hatuonyeshwi ushahidi wa Mbali gani alihisi hivyo. Vincent Crapanzano alimshika hapo mwaka 1986, na mimi naona ana haki. Insha ni tamu, lakini upande wa kushoto wa ukurasa umepotea, msomaji hana pa kukagua.

Kwa hiyo yale maneno ya sokoni yaandikwe vizuri usiku uleule. Ukilala nayo, «uniongezee» itaamka imekuwa «mteja aliomba punguzo», na hiyo ni biashara nyingine kabisa.