Asilimia 88 Iliyoficha Deni la Kidato cha Kwanza

Tangu Januari 2016, Serikali ilipofuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, hesabu za ada mjini Ifakara zimebaki mikononi mwa shule binafsi, zikiwamo za mashirika ya dini. Kidato cha tano na sita katika shule za Serikali nacho kilifutiwa ada mwaka 2022. Bursa anayeketi na leja ya madeni leo kwa hiyo ni bursa wa shule isiyo na ruzuku ya kuzibia pengo. Ada isipoingia, mishahara ya walimu inachelewa.

Bursa wa namna hiyo huulizwa swali moja kila mwisho wa mwezi: tumekusanya kiasi gani kati ya tulichotarajia, na darasa gani linadaiwa zaidi? Jibu la haraka ni kuchukua idadi ya wanafunzi, kuzidisha kwa ada, kisha kutoa jumla ya fedha zilizoingia benki. Jibu hilo linakosea kwa njia tatu tofauti. Ubaya wake ni kwamba kosa moja huongeza deni na jingine hulipunguza, hivyo jumla inaweza kuonekana ya kuridhisha wakati ndani yake hakuna namba hata moja iliyo sahihi.

Tuchukue darasa la mfano, Kidato cha Kwanza katika shule ya kutwa inayotoza shilingi 1,200,000 kwa mwaka, katika awamu nne za 300,000. Awamu ya kwanza mwisho wake ni 15 Januari, ya pili 1 Aprili, ya tatu 1 Julai na ya nne 1 Septemba. Tarehe ya taarifa ni 30 Aprili. Rejista ya darasa ina majina 40, na kufikia siku hiyo kila mwanafunzi anatakiwa awe amelipa awamu mbili, yaani 600,000. Arobaini mara 600,000 ni 24,000,000.

Rejista, hata hivyo, inajua mambo ambayo kuzidisha hakuyajui. Mwanafunzi mmoja alihama Februari, akiwa amelipa awamu ya kwanza, na ya pili haimhusu. Watatu wanalipa nusu ada kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa na mkuu wa shule. Wanaotakiwa kulipa ada kamili ni 36, jumla 21,600,000. Wale watatu wa nusu wanatakiwa 900,000, na aliyehama 300,000. Matarajio halisi ni 22,800,000. Ile tofauti ya 1,200,000 ni deni lisilo na mdaiwa. Likiachwa kwenye taarifa, litakuwepo kila mwezi, na mwalimu wa darasa atahangaika kulifuatilia kwa wazazi wasiodaiwa chochote.

Kwa sababu hiyo matarajio hayaandikwi kwa darasa. Yanaandikwa kwa mwanafunzi mmojammoja, awamu kwa awamu, kila mstari na tarehe yake ya mwisho. Katika Eksel hilo ni karatasi moja inayoitwa Ratiba, yenye namba ya mwanafunzi, awamu, tarehe na kiasi. Anayehama hafutwi jina. Mistari yake ya awamu zijazo ndiyo inayoondolewa, ili aliyolipa yabaki yakionekana. Karatasi ya pili, Malipo, ina tarehe, namba ya mwanafunzi, namba ya stakabadhi na kiasi. Karatasi ya tatu ina mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, namba yake ikiwa safu ya A, darasa lake safu ya B, na tarehe ya taarifa ikiwa kwenye seli K1:

```
E2: =SUMIFS(Ratiba!D:D,Ratiba!A:A,A2,Ratiba!C:C,"<="&$K$1)
F2: =SUMIFS(Malipo!D:D,Malipo!B:B,A2,Malipo!A:A,"<="&$K$1)
G2: =MAX(0,E2-F2)
H2: =MAX(0,F2-E2)
```

Safu ya E ni kilichotakiwa kulipwa kufikia siku hiyo, F ni kilicholipwa, G ni deni na H ni malipo ya mbele. Anayetaka taarifa ya wiki iliyopita anabadilisha tarehe kwenye K1, basi.

Mstari wa G ndio wenye uzito kuliko yote. Turudi darasani. Fedha zilizoandikwa kwa Kidato cha Kwanza kufikia 30 Aprili ni 20,100,000. Ukizigawa kwa matarajio ya 22,800,000 unapata asilimia 88, na pengo la 2,700,000. Bursa akipokea namba hizo ataona darasa linalokwenda vizuri. Lakini wazazi wanne walilipa ada ya mwaka mzima Januari. Kila mmoja amezidisha 600,000 juu ya kilichotakiwa, jumla 2,400,000, na fedha hizo zimeziba deni la watoto wa wengine kwenye karatasi. Deni la kweli ni 2,700,000 jumlisha 2,400,000, yaani 5,100,000. Ni karibu mara mbili ya lililoonekana.

Athari yake haiishii kwenye taarifa. Zile 2,400,000 ni ada ya Julai na Septemba. Zikitumika Aprili kununulia mchele wa chakula cha mchana, awamu hizo zitakapofika wale wazazi wanne hawatakuwa na cha kulipa, na pengo litajitokeza wakati ambao hakuna aliyelitarajia. Ndiyo maana deni na malipo ya mbele havitakiwi kupunguziana ndani ya darasa. Vinajumlishwa kila kimoja peke yake, na bursa anavisoma vyote viwili.

Kosa la tatu linatoka benki. Mzazi aliyeko Mlimba au Mngeta hasafiri hadi Ifakara kulipa ada. Anatuma kwa simu au anamwendea wakala, na kwenye taarifa ya benki linatokea jina la mwenye laini, ambaye huenda ni mjomba au jirani. Majina nayo yanafanana. Fedha ambayo haijapata mwenyewe huwekwa kwenye mstari wa fedha zisizotambuliwa, na wakati huohuo mtoto husika anaonekana mdaiwa. Katika mfano wetu shule nzima ina 900,000 za aina hiyo. Baada ya kulinganisha namba za simu na fomu za kujiunga, 600,000 zikagundulika kuwa za wanafunzi wawili wa Kidato cha Kwanza. Deni likashuka hadi 4,500,000, na kilichokusanywa dhidi ya kilichotakiwa kikawa asilimia 80. Hiyo 80 ndiyo namba ya kupeleka.

Kuna aina ya kosa la kuandika ambayo hujificha vizuri zaidi. Mzazi mwenye watoto wawili huingiza 600,000 kwa mkupuo, na karani anaziandika zote kwa mtoto mkubwa. Mkubwa anakuwa na malipo ya mbele ya 300,000, mdogo anadaiwa 300,000, na jumla ya shule iko sawa kabisa, kwa hiyo hakuna ulinganifu wa benki utakaolikamata. Linakamatwa kwa kupanga orodha kwa namba ya simu ya mzazi: namba moja ikionekana kwenye safu ya G na ya H pamoja, stakabadhi hiyo itazamwe upya kabla ya barua ya deni kutoka.

Umri wa deni ndio unaoipa taarifa ya darasa maana. Zile 4,500,000 zinatoka kwa wanafunzi 12. Watatu hawajalipa kitu tangu Januari, wanadaiwa 600,000 kila mmoja. Tisa wamebakiza awamu ya pili tu. Kwa hiyo 900,000 zimevuka siku 100, na 3,600,000 hazijafikisha mwezi. Sasa tuseme Kidato cha Tatu nacho kinadaiwa 4,500,000, ila zote ni awamu ya pili ya wanafunzi 15. Kiasi ni kilekile, kazi ni tofauti. Kidato cha Kwanza kina familia tatu za kuitwa na kusikilizwa wiki hii. Kidato cha Tatu kina wazazi 15 wanaohitaji kukumbushwa tu, na pengine kusubiriwa.

Kusubiriwa huko kuna sababu yake bondeni. Familia nyingi za Kilombero zinaishi kwa mpunga, na mpunga huvunwa kuanzia Mei hadi Julai hivi. Aprili ni kilele cha masika: fedha ya nyumba imeshaingia kwenye kulima na kupalilia, na ghala limekaribia kuisha. Upande wa Kidatu wakulima wa miwa nao hulipwa baada ya miwa yao kupokelewa kiwandani, na msimu wa kusaga huanza katikati ya mwaka. Ndiyo maana deni la 30 Aprili lisilinganishwe na la 31 Machi. Lilinganishwe na la 30 Aprili mwaka uliopita. Kupanda kwa deni baada ya 1 Aprili ni jambo la kila mwaka. Kutoshuka kwake kufikia mwisho wa Julai ndiyo dalili ya tatizo.

Kabla taarifa haijaondoka, inapimwa kwa hesabu moja. Deni la mwanzo wa mwezi, jumlisha awamu zilizofikia tarehe yake, toa malipo yaliyozihusu, toa misamaha iliyosainiwa, lazima litoe deni la mwisho wa mwezi. Fedha iliyolipwa mapema na ambayo awamu yake imefika mwezi huo inahesabiwa hapo kama malipo. Jibu lisipokubaliana na jumla ya safu ya G, mara nyingi kuna stakabadhi iliyoingizwa kwa tarehe ya nyuma, au mwanafunzi aliyebadilishiwa darasa katikati ya mwezi. Deni la mwaka jana lina mstari wake, na shule iamue mapema kama malipo mapya yanaanza kulipunguza hilo au ada ya mwaka huu, kwa sababu uamuzi huo unahamisha fedha kutoka umri mmoja wa deni kwenda mwingine.

Kinachomfikia bursa ni ukurasa mmoja: kila darasa mstari mmoja, wenye kilichotakiwa, kilicholipwa dhidi yake, deni kwa umri, malipo ya mbele na idadi ya wadaiwa. Chini yake ni fedha zisizotambuliwa za shule nzima. Majina yapo kwenye karatasi ya pili, kwa bursa na mkuu wa shule. Orodha hiyo haibandikwi ukutani wala haisomwi mstarini. Mtoto hakusaini fomu ya ada, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka shule itunze taarifa za familia anayotoka.

Kwa shule za bondeni zinazopanga ratiba ya ada ya mwakani, jambo moja linafaa kuamuliwa sasa: awamu ya 1 Aprili ipunguzwe, hata ibaki 150,000, na iliyobaki ihamie Julai wakati mpunga uko sokoni. Deni la awamu hiyo kwa kila mwanafunzi anayechelewa litashuka kwa nusu, na wale watatu wa Kidato cha Kwanza ambao hawajalipa kitu wataonekana wazi zaidi.